Wasomi wa Buganda: Kwa Nini Watu Hubadili Dini

Kwa Kiganda, okusoma ni kusoma kitabu, na pia ni kusali. Vijana wa ikulu ya Kabaka Mutesa I, mfalme wa Buganda katika Uganda ya leo, waliofuata Uislamu, na baadaye wale wa Kikatoliki na Kiprotestanti, wote waliitwa abasomi. Kijana aliyeinama juu ya kitabu alitafuta elimu, wenzake, au Mungu? Neno lenyewe halitenganishi, na wataalamu wamehangaika kutenganisha.

Wa kwanza hutazama mahusiano. Mwaka 1965 wanasosholojia John Lofland na Rodney Stark, baada ya kufuatilia kikundi kidogo cha dini huko Kalifonia, walieleza kwamba mtu huanza kwa kuzoeana na waumini, kisha imani hufuata. Ikulu ya Buganda inawaunga mkono: vijana waliishi pamoja, mbali na wazazi, na habari ilipita kwa rafiki hadi rafiki. Lakini dini tatu zilipita katika mlango huo mmoja. Urafiki unaonyesha njia, hauonyeshi kwa nini mafundisho yaligusa.

Hapo ndipo mwanaanthropolojia Robin Horton ananivutia zaidi. Mwaka 1971 alidai kwamba mizimu na pepo wa mahali hueleza vyema maisha ya kijijini. Misafara na biashara zikiupanua ulimwengu wa watu, wao huelekeza fikra kwa Mungu Mkuu, ambaye tayari walimjua. Uislamu na Ukristo huharakisha tu safari iliyokwisha kuanza. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamefika Buganda tangu miaka ya 1840, kabla ya mmisionari yeyote. Hata hivyo mwanahistoria Humphrey Fisher alimjibu kwa haki: dini hizi zina vitabu, sheria na nidhamu zake, na huwabeba watu hadi mahali ambapo hawakukusudia kufika.

Moyo je? Mwaka 1902 mwanasaikolojia William James aliandika juu ya nafsi iliyogawanyika inayopata umoja, pengine kwa ghafla. Uamsho wa Kikristo ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 unamfaa kabisa: watu walilia na kuungama hadharani, na wengi wao walikuwa wamebatizwa zamani. Hawakubadili dini wala wazo kuhusu ulimwengu. Tahadhari yangu ni moja: ushuhuda husimuliwa baada ya tukio, kwa mpangilio uliojifunzwa kwa wenzao.

Kusema kijana alivutwa na rafiki si kusema imani yake ni bandia; hata sala za mama tulijifunza kwa sababu tunampenda. Mwaka 1876 Mutesa aliwaua Waislamu waliokataa nyama iliyochinjwa ikulu. Tarehe 3 Juni 1886, Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana walichomwa pamoja kwa amri ya Mwanga, mwana wa Mutesa. Nadharia ya mahusiano inaeleza kwa nini walikuwa bega kwa bega. Walichokiona ndani ya moto huo, nadharia hiyo haidai kukijua.