Maulidi ya Lamu: Picha za Familia, Mfunguo Sita

Picha ya 1. Assalaam alaykum, ndugu na jamaa. Hapa ni nje ya Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Swaleh, ambako wageni kutoka Mombasa na Malindi wameketi bega kwa bega na wenyeji, wakimsalia Mtume wetu (S.A.W.).

Picha ya 2. Bibi yetu mpendwa, ambaye ndiye aliyetukusanya sote mwaka huu, anafunga kikuba cha asumini na rehani kwa vidole vilivyoizoea kazi hiyo tangu ujanani. Asumini zimechumwa jioni zingali zimefumba, ili zifunguke usiku zikiwa zimekwisha valiwa. Tumempiga picha kwa ridhaa yake, baada ya kuuweka sawa mtandio wake mara mbili.

Picha ya 3. Vijana wetu wakipiga matwari, kanzu zao zikiwa bado na mikunjo ya pasi.

Picha ya 4. Baada ya ziyara tulimwombea dua marehemu babu, Mwenyezi Mungu amrehemu na aipanue kaburi yake, amin.

Picha ya 5. Shangazi na mama wadogo wamezunguka sinia la pilau, na kachumbari imekwisha kabla ya wali. Mjomba haonekani popote kwa kuwa ndiye mpiga picha; tunamshukuru kwa subira yake, hasa kwenye mashindano ya punda, ambako vumbi lilimfikia yeye kwanza.