Faili la katiba limegoma kufunguka

Za mchana dada katibu, poleni na majukumu ya kikundi. Lile faili uloweka kwenye Drive nimelipata, `katiba_kikundi_mwisho.pages`, ila kwangu halifunguki. Hiyo `.pages` ni ya programu ya Pages, ya kompyuta na simu za Apple, na mie laptopu yangu ni Windows, Word inalikataa kabisa.

Nimejaribu kulipa jina la `.zip` nikachungulia ndani, nikakuta picha moja `preview.jpg`, inaonyesha ule ukurasa wa mbele tu wenye jina la kikundi na Mbagala hapo chini, ibara zenyewe zimefungwa kwenye vifaili vya `.iwa` ambavyo havisomeki hivihivi. Kwa hiyo faili halijaharibika, usiwe na wasiwasi, kazi yenu ipo salama.

Naomba umwambie aliyeichapa alifungue kwenye Mac yake, aende File, halafu Export To, achague Word. Akiwa na iPhone ni hivyohivyo, anagusa vile vidoti vitatu anatafuta Export. PDF nayo nitaisoma ila kurekebisha humo ni mateso, Word ndo nzuri. Asibadilishe tu lile jina la mwishoni kuwa `.docx`, haisaidii, ndani linabaki lilelile. Kama kompyuta hana karibu basi aingie iCloud.com kwa akaunti yake ya Apple, Pages ipo humo, anapakua kopi ya Word.

Na dada yangu nakuomba sana, msilipeleke kwenye zile saiti za kubadilisha mafaili bure wala msimwachie kijana wa steshenari kwenye kompyuta ya kila mtu, maana najua mmeambatanisha majina ya wanachama na namba za NIDA na simu zao, hivyo vitu vikishatoka huvirudishi.

Kama hiyo yote itachukua muda, na najua mnawahi kupeleka maombi ya ule mkopo wa halmashauri, ile asilimia 4 ya wanawake, basi mwenye faili akopi ibara tatu tu anitumie Wasapu: ya uongozi, ya fedha, na ya mikopo kwa wanachama. Hizo ndo zenye kazi, hasa ya fedha, nataka nione nani anasaini kutoa hela benki na ikitokea mmoja hayupo inakuwaje. Ajitahidi namba za vifungu zibaki kama zilivyo, na atume maandishi, siyo skrinshoti, kwenye picha siwezi kurekebisha kitu. Meseji ikikatika atume kwa vipande, ila kwa mpangilio. Orodha ya wanachama asiitume, siihitaji kabisa.

Nipo hewani mpaka saa nne usiku, zikifika hizo ibara naanza na ya fedha leo leo, zingine nitaendelea nazo faili la Word likija.