Viatu Namba 37

Zamani Bibi ulimsikia kabla hujamwona. Tu-tu-tu, tu-tu-tu, kisigino kinagonga sakafu kama mtu aliyechelewa, nasi wajukuu tulijua zimebaki sekunde chache za kuficha chochote tulichokuwa tumekishika. Kisha, mwaka juzi, mlio huo ukabadilika. Hatua moja, kimya, halafu mburuzo. Akawa anatembea ameegemea ukuta, na akifika mlangoni anashika fremu kwa mikono miwili kama abiria wa mashua.

"Uzee huo," mjomba akasema. Mama alisema ni magoti. Mimi nilishuku macho. Tukamnunulia mkongojo, akautundika nyuma ya mlango na hakuugusa tena. Hadi akaanguka mara mbili ndani ya mwezi mmoja, hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia: hebu vua viatu tuone.

Nilikuja kuona kwa bahati. Nilimkuta kitandani, mguu kaupakata, wembe mkononi.

"Bibi, unafanya nini?"

"Natoa punje. Nikiikata inarudi. Ina mizizi hii, mke mwenza, inafika mpaka kwenye mfupa."

Juu ya kidole kidogo palikuwa na sugu ya manjano, ngumu, ina kiini katikati kama jicho la samaki. Nyingine ilikuwa chini ya unyayo, pale unapokanyagia. Na kati ya kidole cha nne na cha tano kulikuwa na ya tatu, nyeupe na laini kwa unyevu, ambayo kumbe ndiyo iliyomkosesha usingizi. Nikamnyang'anya wembe. Alinuna siku nzima.

Mtaalamu wa miguu tuliyempata hakuanza na mguu. Aliomba viatu. Akaweka karatasi sakafuni, akamsimamisha Bibi juu yake, akauzungusha mguu kwa penseli, kisha akaweka kiatu juu ya mchoro. Mstari wa penseli ukatokeza pande zote mbili.

Bibi akautazama sana. "Huo mguu umechora wa mtu mwingine."

"Ni wako, mama. Unavaa namba ngapi?"

"37. Tangu nikiwa msichana."

Tatizo lilikuwa hapo hasa. Umri ukisonga, kano za mguu hulegea, upinde unashuka, mguu unatanuka na kurefuka. Alipimwa akiwa amesimama: 39, na wa kushoto ukazidi kidogo. Miaka yote hiyo vidole vyake vilikuwa vimebanwa, na ngozi ikajikinga kwa kujijenga tabaka juu ya tabaka, mpaka kinga yenyewe ikawa msumari.

Mtaalamu alipapasa mapigo ya damu juu ya mguu, akamgusa unyayo kwa uzi wa nailoni Bibi akiwa amefumba macho, akauliza kuhusu kisukari. Hana. Ndipo akachukua kisu chake kidogo na kuanza kuparua, vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu. Bibi aliukunja uso akisubiri maumivu, hayakuja. Ile ni ngozi iliyokufa. Kiini kilipotoka akashusha pumzi ndefu.

"Na mizizi?"

"Sugu haina mizizi, mama. Inarudi kwa sababu kiatu kinarudi."

Akamkataza wembe, akamkataza na plasta za dawa ya kuunguza sugu, maana ngozi ya mzee ni nyembamba na kidonda chake hakiponi haraka. Akampa kipande cha sponji cha kutenganisha vidole na krimu ya kulainisha unyayo.

Viatu tulikwenda kuvinunua jioni, miguu ikiwa imevimba kwa shughuli za mchana. Vipana mbele, kisigino kifupi, soli isiyoteleza, mkanda wa kubana, na nafasi ya upana wa dole gumba mbele ya kidole kirefu. Bibi alivitazama kwa uchungu wa kweli. "Vya askari hivi." Lakini alivivaa.

Nilitegemea atatoka dukani anakimbia. Wapi! Wiki ya kwanza bado aliufuata ukuta, kwa sababu mwili ulikuwa umeshazoea kukwepa, unakanyagia ukingo wa nje. Ikabidi kila asubuhi asimame na kuketi kwenye kiti mara kumi, kisha atembee korido akitanguliza kisigino, mimi kando yake, yeye akinituhumu kwamba namharakisha. Wiki ya tatu mkono ukaachana na ukuta. Baada ya wiki sita sugu ya unyayo ikaparuliwa tena, ndogo safari hii. Za vidole zilikuwa zimekwisha.

Jumapili iliyopita nilijilaza chumbani kwake, nikisoma ujumbe kwenye simu yangu wakati alinituma nikunje nguo. Ghafla nikasikia korido: tu-tu-tu, tu-tu-tu. Mtu mzima mimi, mama wa watoto wawili, nikajikuta nimeshaitupa simu chini ya mto.