Kabla hamjakusanya karatasi zenu

Vijana wangu, mtihani wa utafiti wa operesheni ni kesho. Mbinu mnazijua, kinachowaponza ni kutoa na kugawanya.

Chukueni seremala wa viti x na meza y: 3x + 2y ≤ 18 kwa mbao, x + 2y ≤ 10 kwa saa, faida 5x + 4y. Mwenye haraka anapata x = 5, y = 2.5, faida 35, na anafurahi. Rudisheni namba kwenye masharti: 15 + 5 ni 20, mbao zimepita 18! Jibu sahihi ni x = 4, y = 3, faida 32. Ukaguzi huo ni wa nusu dakika, na faida kubwa isiwahadae.

Kwenye jedwali la simpleksi, safu ya upande wa kulia ikitoa hasi ghafla, uwiano mdogo ulichaguliwa vibaya. Msigawanye kwa sifuri wala hasi. Kwenye usafirishaji, jumlisheni kila mstari na kila safu. Na alama ya ≥ mkiizidisha kwa −1, igeuzeni. Hapo alama nyingi hupotea bure, na inaniuma.