Sura ya Pili: Mapitio ya Maandiko kuhusu Kurudia Uhalifu baada ya Kifungo

2.1 Utangulizi

Utafiti huu unahusu wanaume wanaotoka magereza ya Mkoa wa Dodoma na mambo yanayowafanya baadhi yao warudi gerezani ndani ya miaka miwili. Sura hii inapitia maandiko yaliyotangulia. Nimeyapanga kwa mada, si kwa nchi wala kwa mwaka, kwa sababu maswali ni yaleyale kila mahali: je, kifungo chenyewe kinasaidia au kinaharibu? Je, masomo ya gerezani, ushauri nasaha na kazi ya uraiani vinapunguza kurudia?

Katika kila mada nimeuliza mambo mawili kabla ya kukubali tokeo lolote: nani alilinganishwa na nani, na kurudia kulihesabiwaje. Kupima ubora nimetumia mizani iliyotungwa na Sherman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Maryland mwaka 1997. Mizani hiyo ina ngazi tano. Ngazi ya kwanza ni utafiti unaoonyesha tu kwamba mambo mawili yanakwenda pamoja, na ya tano ni jaribio ambalo washiriki waligawanywa kwa kura. Tafiti za mahojiano haziingii kwenye mizani hiyo, nami sikuziacha kwa sababu hiyo. Nimezitumia kwa kile zinachokiweza, yaani kueleza maisha yalivyo baada ya lango la gereza kufunguliwa.

2.2 Kurudia uhalifu kunavyohesabiwa

Takwimu inayonukuliwa kuliko zote inatoka Idara ya Takwimu za Haki ya Marekani. Ilifuatilia wafungwa walioachiwa mwaka 2005 katika majimbo 30, ikakuta asilimia 68 walikamatwa tena ndani ya miaka mitatu na asilimia 83 ndani ya miaka tisa. Kwa upande mwingine, Norwe hutajwa kuwa na asilimia 20 tu ndani ya miaka miwili, kutokana na ulinganisho wa nchi za Nordiki uliohaririwa na Kristoffersen mwaka 2010. Tasnifu nyingi huziweka namba hizi mbili bega kwa bega na kuhitimisha kwamba magereza ya Norwe ni bora mara tatu. Hitimisho hilo halina msingi. Ya kwanza inahesabu kukamatwa, ya pili inahesabu hukumu mpya. Muda haulingani, na hata watu wanaofungwa katika nchi hizo hawafanani. Fazel na Wolf, waliokusanya takwimu za nchi mbalimbali mwaka 2015, walionya waziwazi kwamba haziwezi kulinganishwa zilivyo.

Kuna kasoro nyingine isiyoonekana kwa haraka. Rhodes na wenzake (2016) walionyesha kwamba ukichukua kundi la walioachiwa mwaka fulani, unawavua zaidi wale wanaoingia na kutoka mara kwa mara. Chukua watu kumi. Tisa wanatoka mara moja na hawarudi. Wa kumi anatoka mara tano. Kwa kuhesabu watu, aliyerudi ni mmoja kati ya kumi, yaani asilimia 10. Kwa kuhesabu matukio ya kutoka, yapo 14, na manne yalifuatiwa na kurudi, yaani karibu asilimia 29. Gereza ni lilelile na watu ni walewale. Rhodes na wenzake waliporekebisha hesabu kwa njia hii, walikuta kwamba takriban watu wawili kati ya watatu waliowahi kufungwa Marekani hawarudi gerezani kabisa. Tokeo hilo lina uzito kwetu, kwa sababu daftari la mapokezi la gereza huandika kila anayeingia upya, na anayehesabu mistari ya daftari hilo anahesabu matukio, si watu.

2.3 Athari ya kifungo chenyewe

Kulinganisha aliyefungwa na aliyepewa adhabu ya nje hakutoshi, kwani hakimu huwafunga wale anaowaona hatari zaidi. Tafiti bora za mada hii zimepita njia nyingine: mahali ambapo kesi hugawiwa mahakimu bila kuchagua, mshtakiwa mmoja huangukia hakimu mkali na mwenzake mpole kwa bahati tu, na bahati hiyo hufanya kazi ya kura.

Kwa njia hiyo Bhuller na wenzake (2020) walikuta kwamba nchini Norwe kifungo kilipunguza uwezekano wa kutenda kosa tena ndani ya miaka mitano kwa pointi 29 za asilimia. Nafuu hiyo ilitoka kwa wale ambao hawakuwa na kazi kabla ya kufungwa, ambao baadaye waliingia kwenye programu za mafunzo na ajira. Mueller-Smith (2015) alitumia njia hiyohiyo katika Kaunti ya Harris, Texas, akapata kinyume chake: kifungo kiliongeza makosa na kupunguza ajira. Nchini Ajentina, Di Tella na Schargrodsky (2013) walikuta kwamba watuhumiwa waliowekwa chini ya uangalizi wa kifaa cha kielektroniki badala ya mahabusu walirudia kwa kiwango kidogo, tofauti ikiwa kati ya pointi 11 na 16.

Nazipa tafiti hizi tatu uzito mkubwa, ingawa ya Texas nimeisoma kama andiko la awali ambalo halikuwa limechapishwa kwenye jarida. Sioni kwamba zinapingana. Zinajibu kuhusu gereza fulani likilinganishwa na mbadala fulani, tena kwa washtakiwa wa katikati tu, wale ambao hakimu mmoja angewafunga na mwingine angewaachia. Anayezitumia kusema kwamba “jela inafaa” au “jela haifai” anazibebesha mzigo ambao haukuwa wao.

2.4 Elimu na ufundi gerezani

Davis na wenzake wa taasisi ya RAND (2013) walichambua kwa pamoja tafiti za Marekani na kupata kwamba waliosoma gerezani walikuwa na uwiano wa kurudi mdogo kwa asilimia 43. Namba hiyo imesambaa sana na husomwa vibaya. Uwiano huo ni wanaorudi wakigawanywa kwa wasiorudi, si idadi ya watu. Kwa lugha ya kawaida, waandishi hao walikadiria kwamba bila masomo wangerudi watu 43 kati ya 100 ndani ya miaka mitatu, na kwa masomo wangerudi 30. Ni tofauti ya watu 13 katika kila mia. Kwa familia 13 hilo ni jambo kubwa, lakini si 43.

Udhaifu wake ni uteuzi. Anayejiandikisha darasani huenda tayari ameshaamua kubadilika, na kwenye karakana ya useremala au ushonaji, mkuu wa gereza huwapeleka wenye nidhamu. Davis na wenzake waliliona hilo, wakajenga makadirio yao juu ya tafiti za ngazi mbili za juu za mizani ya Maryland, ambazo zilikuwa chache. Ninakubali mwelekeo wa tokeo, lakini kipimo chake kamili nakishika kwa tahadhari.

2.5 Ushauri nasaha na kubadili namna ya kufikiri

Mada hii ina ushahidi mwingi zaidi. Mwaka 1974 Martinson, akitegemea tafiti 231, aliandika kwamba, isipokuwa mara chache, programu za urekebishaji hazikuwa zimeonyesha athari ya maana. Andrews na wenzake (1990) walijibu kwamba programu hufanya kazi pale zinapowalenga wenye hatari kubwa ya kurudia, zikagusa mahitaji yanayochochea uhalifu, na zikafundishwa kwa namna mhusika anavyoweza kujifunza. Landenberger na Lipsey (2005) walichambua tafiti 58 za tiba ya fikra na tabia wakakuta kurudia kunashuka kutoka asilimia 40 hadi 30, na kunashuka zaidi kwa wenye hatari kubwa na pale programu inapoendeshwa kwa makini.

Ningeweza kuishia hapo kama si kazi ya Beaudry na wenzake (2021). Wao walichukua majaribio ya kura peke yake, 29 kwa jumla, yaliyofanyika magerezani. Kwanza walipata nafuu. Walipoyaondoa majaribio madogo, nafuu hiyo ilipungua kiasi cha kutoweza kutofautishwa na bahati. Majaribio madogo yenye matokeo mazuri huchapishwa kwa urahisi, na yenye matokeo mabaya hubaki kabatini; hivyo wastani unaoyachanganya yote hupanda. Kwa maoni yangu huu ndio utafiti ambao kila anayependekeza programu ya gerezani angepaswa kuanza nao, kwa sababu mfungwa anayepewa programu isiyofanya kazi anapoteza miezi ambayo hatarudishiwa.

Ushahidi wa kura ulio karibu zaidi nasi ni wa Blattman na wenzake (2017), mjini Monrovia, Liberia. Wanaume 999 waliokuwa katika wizi, uuzaji wa dawa za kulevya na ugomvi waligawanywa kwa kura: wengine walipata wiki nane za tiba, wengine dola 200, wengine vyote viwili, na wengine hawakupata chochote. Tiba peke yake ilisaidia mwanzoni kisha ikafifia. Tiba pamoja na fedha ilidumu, na ufuatiliaji wa miaka kumi baadaye uliikuta bado ipo. Kipimo kilikuwa maelezo ya wahusika wenyewe, jambo linalotia shaka, lakini watafiti waliishi karibu na baadhi yao kwa siku kadhaa ili kuhakiki majibu. Tahadhari moja: hawa hawakuwa wafungwa walioachiwa.

Kuhusu kuwatisha vijana kwa kuwapeleka gerezani, ushahidi umekamilika kiasi kwamba sihitaji kurasa nyingi. Petrosino na wenzake, katika mapitio yaliyosasishwa mwaka 2013, walikusanya majaribio tisa ya kura ya Marekani. Vijana waliopelekwa walitenda makosa zaidi kuliko ambao hawakupelekwa.

2.6 Kazi na mapokezi ya jamii

Visher na wenzake (2005) walichambua majaribio manane ya kura ya programu za ajira kwa waliotoka gerezani. Hayakupunguza kukamatwa tena. Uggen (2000) alikuwa amekuta kwamba kazi iliwasaidia wenye umri wa miaka 27 na zaidi, si vijana. Pager (2003) alituma vijana wa kiume waliofundishwa kuomba kazi huko Milwaukee: mzungu asiye na rekodi aliitwa mara 34 kati ya 100, mwenye rekodi mara 17, mweusi asiye na rekodi mara 14, mwenye rekodi mara 5.

Jaribio la Pager ni safi, lakini njia yake haihamishiki Dodoma kirahisi. Kule anayefunga mlango ni mwajiri anayesoma fomu. Hapa anayeendesha bodaboda ya mkataba au kubeba zege haulizwi rekodi kwa maandishi, mtaa unamjua. Kinachomkwamisha ni mdhamini wa kikoba, mwenye pikipiki anayesita kumkabidhi chombo, na shemeji asiyetaka alale pale.

2.7 Afrika Mashariki na pengo la utafiti

Tafiti za Kenya na Tanzania nilizozipitia kwa sehemu kubwa zimefanyika ndani ya magereza, kwa kuwahoji waliorudi pamoja na askari magereza. Wanataja ukosefu wa kazi, unyanyapaa, marafiki na kutokuwa na mtaji. Nayaamini maelezo yao. Lakini asiyerudi naye hakuwa na kazi, naye alinyanyapaliwa, na hakuhojiwa kwa kuwa hayupo gerezani. Bila yeye, hatuwezi kusema kipi kati ya hivyo ndicho kinachorudisha watu. Kwenye mizani ya Maryland tafiti hizo hazifiki ngazi ya tatu, ambayo inahitaji kundi la kulinganisha.

Pengo hilo linahusu pia sera. Tanzania ina Sheria ya Bodi za Parole ya 1994 na Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002, na tarehe 9 Desemba 2019 Rais Magufuli alisamehe wafungwa 5,533 kwa siku moja. Katika maandiko niliyoyapitia sikukuta ufuatiliaji wa kundi hilo uliolilinganisha na waliomaliza vifungo vyao.

Kwa hiyo utafiti huu utawaandikisha wanaume wiki ya mwisho kabla ya kutoka, wote kwa pamoja, kabla hatujajua nani atarudi. Utamhesabu kila mtu mara moja, utatenganisha kukamatwa, hukumu na kurudi gerezani, na utawafuata uraiani wale ambao jina lao halitaandikwa tena kwenye daftari la mapokezi. Sura ya Tatu inaeleza namna watakavyopatikana.