Barua ya Kuomba Transkripti Rasmi Itumwe Kanada

Rehema Mwende Kilonzo,
Buruburu, Awamu ya 3,
Nairobi.

3 Machi 2025

Msajili wa Masuala ya Kitaaluma,
Chuo Kikuu cha Nairobi,
S.L.P. 30197 – 00100,
Nairobi.

Kwa Bwana/Bi,

MINT: OMBI LA KUTUMIWA TRANSKRIPTI RASMI, NAMBARI YA USAJILI A22/0092/2014

Mimi ni mhitimu wa Shahada ya Sayansi katika Kilimo, niliyesomea katika Bewa la Upper Kabete na kutunukiwa shahada kwenye mahafali ya Desemba 2018. Naomba ofisi yako itoe transkripti yangu rasmi ya miaka yote minne na kuituma moja kwa moja, ndani ya bahasha iliyofungwa, kwa anwani hii:

Graduate and Postdoctoral Studies
The University of British Columbia
170 – 6371 Crescent Road
Vancouver, BC V6T 1Z2
Canada

Nimepata nafasi ya kusomea uzamili wa sayansi ya udongo katika chuo hicho kuanzia Septemba mwaka huu. Nakala nilizopakia mtandaoni nilipoomba nafasi zilitumika kunitathmini tu, na udahili wangu utabaki wa masharti mpaka wapokee transkripti iliyotoka mikononi mwa chuo kilichonifunza. Barua yao, ambayo nimeambatisha, inataka iwe imefika kufikia tarehe 30 Mei 2025.

Naomba uniwie radhi nikieleza suala la bahasha kwa kirefu, kwa maana ndilo linaloamua kama hati itakubaliwa au itakataliwa. Kinachotakiwa ni bahasha iliyofungwa na ofisi yako, ikapigwa muhuri au kutiwa sahihi juu ya mkunjo wake, nusu ya muhuri ikiwa kwenye mkunjo na nusu kwenye mwili wa bahasha, ili ikifunguliwa njiani ionekane. Bahasha hiyo ndiyo itakayotiwa katika pakiti ya kampuni ya usafirishaji. Mwenzangu mmoja tuliyesoma naye alipeleka bahasha yake kaunta bila pakiti ya nje, mhudumu akaikata ukingo ili akague kilichomo, na hati ikakataliwa ilikofika. Kwa sababu hiyo nimeambatisha pakiti tupu pamoja na fomu ya usafirishaji iliyokwisha kulipiwa, ambayo inataja yaliyomo kuwa ni nyaraka za masomo zisizo za biashara. Nimechapisha pia lebo mbili zenye anwani iliyo hapo juu na nambari yangu ya mwanafunzi ya chuo hicho. Moja naomba ibandikwe kwenye bahasha ya ndani na nyingine kwenye pakiti. Msafirishaji ataichukua pakiti ofisini kwako, bila kupitia kwangu.

Jambo la pili ni ukurasa unaoeleza viwango vya alama, ambao naomba sana usiachwe nje. Kwetu alama 70 ni A, na wastani wa kuanzia 60 hadi 69 humpa mwanafunzi daraja la pili la juu. Chuoni British Columbia A ya chini kabisa huanzia 80, na 70 huhesabiwa B ya chini. Mtu wa huko akisoma 68 niliyopata katika somo la rutuba ya udongo bila maelezo hayo, atanidhania mwanafunzi wa kawaida tu, ilhali hapa ni alama ya kuheshimika.

Kuhusu jina, rekodi za chuo zinanitaja kama Kilonzo Mwende Rehema, na pasipoti yangu inasema Rehema Mwende Kilonzo. Majina ni yaleyale matatu, mpangilio tu ndio tofauti. Siombi rekodi zibadilishwe. Nimeambatisha kiapo kilichoshuhudiwa na wakili, na naomba nakala yake itiwe pamoja na transkripti.

Kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda taarifa za wanafunzi, natoa idhini kwa maandishi haya kwamba matokeo yangu yapelekwe kwa chuo kilichotajwa, na kwa hicho pekee. Ada ya transkripti nimeshalipa na stakabadhi imeambatishwa, pamoja na cheti cha kuthibitisha kwamba sidaiwi na idara yoyote.

Ikiwa kuna fomu au malipo yaliyosalia, naomba nijulishwe kwa simu au baruapepe niliyojaza kwenye fomu ya maombi, nami nitafika ofisini bila kuchelewa. Naomba pia, pakiti ikishachukuliwa, nijulishwe tarehe ilipoondoka ili niwaarifu wanaoisubiri.

Natanguliza shukrani kwako na kwa maafisa wa kumbukumbu watakaoshughulikia ombi hili.

Wako mwaminifu,

Rehema Mwende Kilonzo

Viambatisho: barua ya udahili, nakala za kitambulisho, pasipoti na cheti cha shahada, kiapo cha jina, stakabadhi ya malipo, cheti cha kutodaiwa, fomu ya maombi, pakiti, fomu ya usafirishaji na lebo mbili.