Mwari ametoka: picha sita, na moja ambayo haipo

Kijana wetu ametoka jandoni salama, yeye na wenzake kumi. Wametolewa Jumamosi asubuhi, huku kwetu juu Newala, likizo ya Juni. Picha hizi tunazitoa sisi upande wa wajomba kwa niaba ya ukoo, na tumeziweka baada ya siku tisa, wageni wakiwa wamesharudi makwao na kijana amesharudi kwenye maisha yake ya kila siku.

Jina lake halimo. La utotoni limebaki utotoni, na sisi Wamakonde tunajua kumwita nalo mtu aliyetoka jando ni kumvunjia heshima. Jipya analo. Ukikutana naye atakuamkia, umwulize, atakutajia mwenyewe. Kwa hiyo kwenye komenti mwandikieni “mwari” au “mjomba”, inatosha.

Picha ya 1. Mgongo wake. Kanzu nyeupe, kofia, mwavuli mweusi. Mwavuli si wa mvua, Juni hapa hakuna mvua. Mwari hutoka akiwa amefunikwa na kuangalia chini, na mwavuli unasaidia hilo, pia unamkinga na macho ya simu. Aliyepiga alisimama nyuma hatua kama nane na kusubiri mwavuli uteremke. Wenzake wawili walionekana pembeni, tumewakata, maana ruhusa ya wazazi wao hatuna.

Picha ya 2. Viatu juu ya kanga. Mama zake wakubwa na wadogo walitandika kanga kutoka kwenye mti wa mwembe hadi jamvini, ishirini na mbili, kila moja ikipandishwa kidogo juu ya inayofuata kwa upande wanakotokea wari. Ukipanga kinyume, ncha ya kiatu inaingia chini ya pindo na mwari anajikwaa mbele ya watu. Viatu vyenyewe ni vipya, na mwenye navyo hakuvijaribu hata mara moja: vilinunuliwa yeye akiwa kumbini. Mama yake alimpima unyayo kwa kijiti kabla hajaingia, akaongeza upana wa kidole kimoja, akaenda nacho dukani. Angalieni kisigino, vimemkaa.

Picha ya 3. Ngoma zikipashwa moto. Hii ndiyo tunayoipenda kuliko zote, na haina uso wa mtu. Ngoma ndogo za mguu mmoja uliochongoka zimelazwa kuzunguka moto wa majani makavu, ngozi zikiangalia mwali. Majani, si kuni: mwali wake ni mwepesi na unaisha haraka, unaweza kuongeza kidogo kidogo. Umande wa usiku huku juu unalegeza ngozi na sauti inazama, hivyo asubuhi lazima zipashwe. Mpigaji anagonga kwa kidole kila baada ya muda, akisikia inalia kama mti mkavu anaitoa. Ikizidi hapo ngozi inapasuka kwenye ukingo, karibu na vigingi, na kuwamba upya si kazi ya asubuhi moja. Mchana zilirudishwa motoni mara tatu. Ule mguu huchomekwa mchangani mpigaji asihitaji kuishika, na mchanga wetu huu wa Newala unasaidia kuliko sakafu ya saruji ya ukumbini.

Picha ya 4. Lipiko, mchezaji wa kinyago. Kichwa cha mti, nywele, nembo usoni, ndonya mdomoni, na nguo mwili mzima hadi vidoleni. Anayecheza ndani hatajwi, hata kama umemtambua kwa miguu. Kuna komenti ya jana ilitaja jina, tumeifuta, na aliyeandika asikasirike. Kwa wanawake na watoto ambao hawajaingia jando, lipiko hana jina la mtu. Picha imepigwa wakati anacheza uwanjani, mbele ya wote. Alipokuwa anavaa, na alipokuwa anavua, hakuna aliyepiga.

Picha ya 5. Mkono wa bibi na poda. Anampaka mwari kichwani, kichwa kilichonyolewa asubuhi ile. Mkono wa bibi unatosha kuonyesha ni nani, kwa wanaomjua.

Picha ya 6. Masufuria. Wali, mbuzi wawili, mbaazi mbichi kwa nazi, ming'oko kwa waliofika mapema. Kando ya masufuria mnaona daftari limefungwa: ndilo lililoandikwa waliomtuza na kiasi walichotoa. Tulilifunga kabla ya kupiga. Aliyetoa noti ya 1,000 na aliyetoa 50,000 wote wametuza, na hesabu hiyo ni ya nyumbani. Fedha ziliwekwa kwenye sinia. Kubana noti kifuani kwa pini tumekataza, pini zinachoma, na noti zikidondoka wanaogombania ni watoto.

Picha ya 7 haipo. Ni ya kumbini, na simu ziliachwa kwa nyakanga kabla ya kuvuka ule mpaka. Waliofundishwa wamefundishwa. Nyimbo za kule hazirekodiwi, hata kipande cha sekunde kumi cha kuweka stetasi.

Wazazi wenye vijana wa mwakani wameuliza kuhusu tohara, na hili la afya si siri ya kumbi, tunalijibu. Wari wote walitahiriwa kwanza na tabibu kwenye kituo cha afya, kwa ganzi na vifaa vya kila mtoto peke yake, ndipo wakakabidhiwa kwa makungwi. Wembe mmoja kwa watoto wengi ndio unaopitisha virusi kutoka damu hadi damu, na kidonda kilichowekwa majivu au udongo ni mlango wa pepopunda. Tabibu aliwaona tena siku ya pili na siku ya saba. Kupona kabisa ni wiki sita, na kumbi ilikuwa wiki tatu, kwa hiyo anayewaona wari hawa wamevaa vizuri asiwapakie baiskeli wala kuwaita mpirani kabla ya Julai kuisha. Damu isiyokoma, uvimbe unaoongezeka, homa au kushindwa kukojoa: hapo hakungojwi ushauri wa mzee, ni kituoni saa ileile. Nani alipona lini, msiulize hapa.

Mwingine ameuliza inakuwaje watoto wa kanisani na wa msikitini waingie kumbi moja. Suala la kanisa na jando majirani zetu wa Masasi walishalizungumza tangu enzi za Askofu Vincent Lucas wa Anglikana, aliyeliingiza jando ndani ya kanisa badala ya kulipiga marufuku. Sisi tumewaachia wazazi wavalishe watoto wao watakavyo siku ya kutoka.

Mliopiga picha zenu: zenye uso wa mwari yeyote, sare ya shule, namba ya pikipiki ya baba yake au bango la kijiji, msizipandishe. Msitagi wazazi. Mkituma kwa WhatsApp, tumeni kwa mjomba mkubwa peke yake, si kwenye kundi la ukoo lenye watu 140, maana picha ikishafika huko imeshafika Dar. Kijana atakabidhiwa zote kwenye flashi, azitunze, na akifika miaka 18 ataamua mwenyewe ipi ionekane. Hizi sita alionyeshwa kabla hazijawekwa. Ilikuwepo ya saba ya kweli, akicheka na dada zake, akasema hapana. Ikatolewa.

Kanga tatu zimebaki uwanjani, moja ina pindo la kijani. Wenyewe waje wachukue kwa bibi.